Mwenzako amekutetea kikaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kumshukuru

Majibu haya yameandikwa kwa watumishi wa ofisi za Dodoma, kuanzia halmashauri za wilaya hadi wizara zilizoko Mtumba, mahali ambapo kikao cha asubuhi kinaweza kukuinua au kukushusha kabla ya chai ya saa nne. Ili maelezo yasielee hewani, tutatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Ni Jumatatu ya Januari, saa 3:00 asubuhi, kikao cha menejimenti cha halmashauri. Ajenda ni utekelezaji wa robo ya pili. Madawati 120 hayajafika shuleni. Mkuu wa Idara ya Elimu anaulizwa sababu, naye anajibu kuwa takwimu za mahitaji zilichelewa kuandaliwa. Aliyeziandaa, afisa wa vifaa na takwimu, amekaa viti vya nyuma akiwa ameshika faili. Ni wewe. Kabla hujajua useme nini, afisa ugavi ananyoosha mkono: "Mwenyekiti, maombi ya madawati yalifika kwetu tarehe 4 Novemba yakiwa kamili. Sisi ndio tuliochelewa kuyaingiza kwenye mfumo wa ununuzi wa NeST, tukayaingiza tarehe 22." Mkurugenzi anaandika kitu kwenye daftari lake, na ajenda inasonga mbele.

Nimshukuru lini?

Siku hiyohiyo, kabla ya saa 9:30 alasiri ambapo wengi wanafunga ofisi. Si kwamba kesho yake shukrani itakuwa imeoza. Ni kwamba mtu aliyesimama mbele ya menejimenti akasema jambo zito hutoka kikaoni akijiuliza kama alikosea kusema. Saa mbili tatu za kwanza ndizo anazopitia maneno yake kichwani. Ukimfikia ndani ya muda huo, unamwondolea wasiwasi. Ukimfikia Alhamisi, tayari ameshaamua mwenyewe kama ilikuwa busara au la, na ukimya wako umechangia jibu lake.

Lakini pia usimkimbilie mlangoni kikao kikiisha. Pale mlangoni wako wakuu wa idara wote, na bosi wako anawaona. Acha watu watawanyike, subiri nusu saa au hata saa nzima.

Niseme nini hasa?

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kwa Kiswahili cha ofisini, maneno yanayokuja haraka mdomoni ni "umeniokoa", "umenibeba" na "umenikingia kifua". Ni maneno ya upendo na yanatoka moyoni. Tatizo lake ni kwamba yote yanabeba maana ya kuwa ulikuwa na kosa na mwenzako akalifunika. Anayeokolewa alikuwa anazama. Anayekingiwa kifua alikuwa anapigwa, na msikilizaji atajiuliza alipigwa kwa lipi. Afisa ugavi hakukufunika. Alisema tarehe mbili zilizokuwa za kweli. Ukimwambia "umeniokoa", unageuza ukweli wake kuwa upendeleo, na mtu wa tatu akisikia atasema nyie wawili mnalindana.

Kwa hiyo shukuru kauli aliyoitoa, usishukuru upande aliochukua. Shukrani nzuri ina mambo matatu tu. La kwanza, taja alichosema, kwa maneno yake au karibu na hayo. La pili, taja kilichomgharimu kusema. La tatu, sema kuwa umeliona, kisha nyamaza.

Kwa mfano wetu, ujumbe ungekuwa hivi:

"Kaka, habari za mchana. Nakushukuru kwa ulivyoeleza asubuhi kuwa maombi ya madawati yalifika kwenu tarehe 4 yakiwa kamili. Najua haikuwa rahisi kusema mbele ya menejimenti kwamba yalikwama upande wenu. Nimeliona na nimelithamini sana."

Soma tena sentensi ya tatu. Hiyo ndiyo yenye uzito. Wengi hushukuru kwa faida waliyoipata wao, "umenisaidia sana", na kusahau kwamba mwenzao alitoa kitu. Afisa ugavi alikiri uzembe wa kitengo chake mbele ya Mkurugenzi. Mchana huo huenda mkuu wa kitengo chake anamuuliza kwa nini amewaanika. Ukionyesha kwamba unajua hilo, shukrani yako inakuwa ya mtu mzima anayeelewa ofisi inavyokwenda.

Kisichokuwemo kwenye ujumbe ule pia kina maana. Bosi wako hakutajwa. Hakuna "sasa tumewaonyesha". Hakuna ahadi ya "siku yako ikifika na mimi nipo", kwa sababu ahadi hiyo inafanya ushahidi wake uonekane kama mkopo.

Ana kwa ana au kwa ujumbe?

Ana kwa ana kama mko jengo moja na unaweza kumpata akiwa peke yake kwa dakika mbili. Sauti na uso vinabeba nusu ya shukrani. Ukipita ofisini kwake, salimia kwanza kama unavyosalimia siku zote, uulize habari za kazi, ndipo useme. Kuingia na shukrani kabla ya salamu kunamshtua mtu, hasa kwa watu wa huku kati ambako hata mwenye haraka husimama kwanza kusalimia.

Ujumbe wa simu unafaa pale mnapokaa ofisi za mbali, mathalani yeye yuko Mtumba na wewe uko mjini, au pale ambapo ofisini kwake wanakaa watu wanne na hakuna faragha. Uandike ukijua kwamba unaweza kusomwa na mtu mwingine. Simu huazimwa, na picha ya skrini husafiri kuliko mwenye simu. Kipimo ni rahisi: kama ujumbe huo ungesomwa kwa sauti na bosi wako, kuna sentensi ungependa kuifuta? Basi ifute kabla ya kutuma.

Mahali pabaya zaidi ni ndani ya basi la watumishi jioni. Mnakaa viti vya pamoja, hadithi ya kikao inaanza yenyewe, na kila aliyekaa mbele yenu anasikiliza huku akiangalia dirishani. Kama mwenzako ndiye anayeanzisha mazungumzo humo, mjibu kwa ufupi, "tutaongea vizuri kesho", na ubadilishe mada.

Pale pale kikaoni, niseme kitu au ninyamaze?

Inategemea kama umepewa nafasi. Kama mwenyekiti hakukugeukia, nyamaza. Kuinamisha kichwa kidogo kuelekea kwa aliyesema kunatosha, naye ataona. Ukiomba nafasi ili kushukuru tu, unarudisha kikao kwenye jambo ambalo mwenyekiti ameshalivuka, na unamlazimisha bosi wako ajitetee.

Kama umeulizwa, jibu kwa sentensi mbili: "Asante, Mwenyekiti. Ni kama alivyoeleza Afisa Ugavi, maombi yaliwasilishwa tarehe 4 Novemba na nakala yenye muhuri ipo." Hapo umemshukuru kwa namna bora kuliko neno asante lenyewe, kwa sababu umeweka ushahidi chini ya kauli yake. Mtu aliyekutetea akiwa peke yake anabaki na mashaka hadi karatasi itokee. Ukiwa na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa masijala, hakuna tena wa kusema kwamba afisa ugavi alikuwa anasema kwa urafiki.

Aliyenisema vibaya ni bosi wangu. Nitamshukuruje mwenzangu bila kuonekana nampinga bosi?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote hapa, na linaulizwa kwa hofu ya haki. Bosi wako ndiye anayekupimia malengo na ndiye anayepitisha ruhusa yako ya likizo.

Anza kwa kutenganisha mambo mawili. Shukrani kwa afisa ugavi ni ya kwako na yeye, inaisha kwa ule ujumbe au zile dakika mbili. Bosi ni suala jingine, na linahitaji kushughulikiwa siku hiyohiyo pia, ila kwa mlango wake. Wanaofanya la kwanza wakaacha la pili ndio wanaoingia matatani, kwa sababu bosi aliyesahihishwa hadharani na mtu wa idara nyingine huanza kujiuliza kama nyie wawili mlipanga.

Kwa hiyo nenda kwake alasiri, ukiwa na faili. Usiende kudai radhi. Nenda kama mtu anayemletea silaha: "Mkuu, nimekuletea nakala ya maombi ya madawati yenye muhuri wa tarehe 4 Novemba, ili Mkurugenzi akiuliza tena uwe nayo mkononi. Ilikuwa nikupe kabla ya kikao." Sentensi ya mwisho ina kazi maalumu. Inampa njia ya kutokea. Inasema kwamba hakudanganya, bali hakuwa na karatasi. Mara nyingi ndivyo ilivyo kweli: wakuu wa idara wengi huingia kikaoni na taarifa ya kurasa 40 waliyoisoma usiku, na wakiulizwa ghafla hushika sababu iliyo karibu.

Akikuuliza moja kwa moja kama ulimtuma afisa ugavi aseme, jibu ukweli: hukumtuma, na umemshukuru. Usifiche kwamba umeshukuru. Shukrani iliyofichwa ikija kugundulika huonekana kama njama, ilhali iliyosemwa wazi huonekana kama adabu.

Kuna jambo moja la kujizuia, hata likikuwasha namna gani. Ukimshukuru afisa ugavi, usimweleze historia yako na bosi. Yeye alisema tarehe mbili. Ukimmwagia malalamiko ya mwaka mzima, umemwingiza kwenye ugomvi ambao hakuuchagua, na safari ijayo atafikiri mara mbili kabla ya kunyoosha mkono.

Nimpongeze kwenye kundi la Watsapu la idara?

Kwa utetezi, hapana. Katika mfano wetu, kumshukuru afisa ugavi kundini ni kuwatangazia watu 60 kwamba kitengo chake kilichelewesha madawati na kwamba bosi wako alikosea. Utakuwa umewaumiza wawili kwa shukrani moja.

Kwa sifa ya kazi, inawezekana. Mwenzako akisema kundini "jedwali lile ameandaa fulani", jibu palepale aliposemea, kwa sentensi moja au mbili. Sifa iliyotolewa hadharani inaweza kupokelewa hadharani. Usiache ikae siku nzima bila jibu huku umeonekana umesoma.

Amenipa sifa ambazo si zangu zote. Nifanyeje?

Rekebisha haraka, na urekebishe bila kumfanya aliyekusifu aonekane mwongo. Tuseme mchumi amesimama akasema jedwali la mahitaji ya shule zote ni kazi yako, wakati ukweli ni kwamba maafisa elimu kata ndio waliozunguka kuhesabu madawati mabovu, na wewe ulijumlisha na kuhakiki. Ukinyamaza, maafisa hao watasikia. Habari za kikao hazichukui siku mbili kufika katani. Mwakani ukiomba takwimu utapelekewa zilizopikwa mezani.

Kama una nafasi pale kikaoni: "Asante, Mwenyekiti, na namshukuru Mchumi. Hesabu ya shuleni waliifanya maafisa elimu kata, mimi nilijumlisha na kuhakiki." Unapokea sehemu yako kwa jina lake, kuhakiki, na unarudisha sehemu ya wenzako kwa jina lake. Usiseme "mimi sijafanya chochote". Hiyo si unyenyekevu bali ni kumkanusha mtu aliyekusifu, na pia si kweli.

Kama nafasi haikuwepo, mwambie mchumi mwenyewe baadaye, ndani ya shukrani: "Nashukuru kwa kulitaja jedwali. Kazi ya kuhesabu waliifanya maafisa elimu kata. Ukipata nafasi ya kulieleza tena, naomba uwataje." Kisha waandikie maafisa hao siku hiyohiyo uwaeleze kwamba kazi yao imesifiwa. Shukrani iliyofika kwako ikaishia kwako huwa na uchungu kwa wengine.

Kuna na upande wa pili, wa sifa za kupita kiasi. Mwenzako anapokusifu hadi watu wanatazamana, huenda anakuvisha kilemba cha ukoka bila kukusudia. Mshukuru kwa ile sehemu iliyo ya kweli tu, uitaje, na nyingine ziache zipite. Hatahitaji kuelezwa zaidi.

Yeye ni mkubwa wangu kiumri. Au ni mdogo wangu. Lugha ibadilike?

Ibadilike, na si kidogo.

Kwa mtu wa umri wa wazazi wako, anza na shikamoo hata kama ni kwa ujumbe, na mwite kwa namna mnavyomwita ofisini, Mama au Mzee. Tumia "nashukuru sana, Mama, kwa ulivyoliweka wazi lile jambo". Mtu mzima hapendi kusomewa kwa kirefu alichofanya, kwa hiyo kile kipengele cha gharama kiseme kwa kuzunguka kidogo: "najua lilikuwa zito kulisema". Mkubwa mara nyingi atakujibu "ni ukweli tu, mwanangu" na kufunga mazungumzo. Mwache afunge.

Kwa mdogo wako kiumri au kicheo, kosa la kawaida ni kushukuru kwa utani: "eeh, dogo, leo umekuwa wakili!" Unacheka ili kuficha aibu ya kutetewa na mdogo, na yeye anabaki hajui kama alifanya vema au alivuka mpaka. Kijana aliyeajiriwa mwaka jana akinyoosha mkono mbele ya menejimenti kukutetea, amejihatarisha kuliko mtu mwingine yeyote chumbani. Msimamishe, mtazame, mwambie kwa uzito uleule ambao ungemwambia mkuu wa idara. Na umwite kwa jina lake.

Kati ya mwanamume na mwanamke, angalia saa. Ujumbe wa shukrani wa saa 3 usiku, hata ukiwa na maneno safi kama theluji, unaweza kusomwa na mwenza wa nyumbani na kuleta maswali ambayo mwenzako hakustahili. Tuma saa za kazi, taja kikao na jambo lenyewe, na usiweke mioyo na maua.

Zawadi je? Soda? Kilo ya zabibu?

Chai ya saa nne kantini, chapati mbili na maharage, mkikaa pamoja na wengine mezani, haina shida kwa wenzako wengi. Katika msimu wa zabibu, ukiwaletea ofisi nzima bakuli moja, nayo ni ukarimu wa kawaida wa Dodoma na yeye atakula pamoja na wengine.

Tatizo linaanza pale zawadi inapomlenga yeye peke yake na kazi zenu zimeungana. Afisa ugavi anashughulikia ununuzi wa idara yako. Mhasibu anapitisha malipo yako. Mkaguzi wa ndani anasoma majalada yako. Kwa watu hao, hata mfuko wa ubuyu uliopelekwa mezani baada ya kauli ya kikaoni unaweza kuelezwa baadaye kuwa malipo ya kauli hiyo. Maadili ya utumishi wa umma yanakataza zawadi yenye mwelekeo wa kushawishi maamuzi, na hapa swali halitakuwa nia yako ilikuwa nini, bali ilionekanaje. Pesa kwa simu usitume kabisa, hata elfu tano. Kuna rekodi, kuna tarehe, na tarehe hiyo itakuwa ya kikao.

Angalia pia maneno. Kwenye lugha ya mitaani na ofisini, "nitakuona", "nitakutoa chai" na "ya kwako ipo" yameshachafuka. Ukimwambia afisa ugavi "nitakuona, kaka" ukiwa na maana ya kupita ofisini kwake, anayesikia anaelewa kitu kingine kabisa.

Muhtasari wa kikao haukuandika alichosema. Nifuatilie?

Ndiyo, ila taratibu. Muhtasari ndio unaobaki watu wakishasahau. Kama umeandika tu kwamba "kikao kilielezwa kuwa takwimu zilichelewa", basi baada ya miezi sita, mkaguzi akifungua jalada, kauli ya afisa ugavi haipo na ya bosi wako ipo.

Wakati mzuri ni kabla muhtasari haujasambazwa, ukiwa bado rasimu kwa katibu. Mara ukishaletwa kikaoni kwenye ajenda ya kuthibitisha muhtasari, bado unaweza kurekebishwa, lakini itabidi mtu asimame aseme hadharani, na jambo litaanza upya mbele ya walewale.

Ila kabla hujaenda kwa katibu, nenda kwa afisa ugavi. Ni maneno yake yanayokwenda kuandikwa, na yanakiri ucheleweshaji wa kitengo chake. Huenda aliridhia kuyasema ila hataki yasomeke kwa ukali. Mwonyeshe sentensi: "Kikao kilielezwa kuwa maombi ya madawati yalipokelewa Kitengo cha Ununuzi tarehe 4 Novemba na kuingizwa kwenye NeST tarehe 22 Novemba." Hakuna neno "uzembe", hakuna jina la mtu, tarehe mbili tu. Mwulize kama iko sawa na alivyosema. Akikubali, mpelekee katibu pamoja na nakala yenye muhuri. Akisita, usimlazimishe. Peleka kwa katibu tarehe yako ya kuwasilisha peke yake, kwa sababu hiyo ni ya kwako na una karatasi yake.

Wengi hawahesabu hatua hii kama shukrani. Sisi tunaihesabu. Kumlinda aliyekutetea asiumizwe na kauli yake mwenyewe kuna thamani kuliko maneno mengi.

Niandike barua rasmi au dokezo sabili la kumshukuru?

Kwa kauli ya kikaoni, hapana. Dokezo likishaingia jalada lina wasomaji ambao hukuwachagua, na mkuu wake atalazimika kuandika kitu juu yake.

Dokezo linafaa pale mwenzako wa idara nyingine alipofanya kazi halisi kwa ajili yako kwa siku kadhaa, mathalani alikaa nanyi kusafisha takwimu kabla ya bajeti. Hapo bosi wako ndiye anayemwandikia bosi wake, wewe unaandaa rasimu. Taja kazi, tarehe na matokeo, isizidi nusu ukurasa.

Alinitetea, lakini ukweli kosa lilikuwa langu. Nimshukuru?

Mshukuru kwa nia yake na umweleze ukweli siku hiyohiyo, kabla hajaambiwa na mwingine. "Kaka, nashukuru ulivyosimama. Lakini lazima nikwambie, zile takwimu nilizileta tarehe 15, si tarehe 4. Nitamweleza Mkuu leo." Kisha umweleze kweli.

Mtu aliyetoa kauli isiyo sahihi kwa kukuamini ameweka jina lake rehani. Kila siku unayochelewa, kauli ile inazidi kuwa ya kwake na kosa linazidi kuonekana mlilipanga. Ukiwahi kusahihisha wewe, yeye anabaki mtu aliyesema alichokijua wakati ule. Hapo usitumie ujumbe. Nenda.

Sikumwomba anitetee, na amezidisha mambo. Bado nishukuru?

Hutokea. Mwenzako anasema tarehe sahihi, kisha anaongeza "na hii si mara ya kwanza idara yenu kumsingizia huyu". Sentensi ya kwanza imekusaidia, ya pili imekuchomea nyumba.

Shukuru ya kwanza kwa ukamilifu, kama tulivyoeleza juu. Ya pili iseme baadaye, siku nyingine, kama ombi: "Likitokea tena, naomba tuishie kwenye tarehe. Mengine nitayamaliza na Mkuu mwenyewe." Ukichanganya vyote kwenye pumzi moja, "asante ila umezidisha", atakumbuka "ila" peke yake.

Nimemshukuru, amejibu "usijali, kawaida tu". Imeisha?

Maneno yameisha. Usirudie wiki ijayo, wala usimkumbushe kila mkikutana korido. Shukrani ya tatu humfanya mtu ajisikie kama mdai.

Kinachobaki ni kazi. Mwenzako alikiri kwamba kitengo chake kilichukua siku 18. Robo ijayo mpelekee maombi wiki mbili kabla, yakiwa na vipimo kamili vya madawati, idadi kwa kila shule na kifungu cha bajeti, ili asianze kukupigia simu kuuliza. Na siku Mkurugenzi atakapokigeukia kitengo chake kwa ucheleweshaji mwingine, na wewe unajua kwamba safari hii maombi yalipelekwa kwao yakiwa nusu, nyoosha mkono na useme tarehe.

Nimegundua wiki tatu baadaye kwamba kuna mtu alinitetea nisipokuwepo. Nimechelewa?

Hujachelewa, na hapa shukrani ya kuchelewa ina ladha yake, kwa sababu hakutegemea ujue. Usimtaje aliyekupa habari kama hakukuruhusu. Sema tu: "Nimesikia juzi kwamba kwenye kikao cha Januari, nikiwa safarini, ulieleza kuwa maombi yaliletwa kwa wakati. Sikujua. Nakushukuru." Kama uliyoyasikia hayako sawa na alivyosema, atakusahihisha hapohapo, na utakuwa umepata ukweli wa kikao kutoka kwa mtu aliyekuwepo.